CEO, CFO na MD: Jinsi ya Kujua Mwenye Cheo Anawajibika kwa Nini Hasa na Saini Yake Ina Uzito Gani

Mtu anapopokea mkataba uliotiwa saini na MD, yaani mkurugenzi mtendaji, au barua ya kuahidi malipo kutoka kwa CFO, yaani afisa mkuu wa fedha, kinachomhusu zaidi ni mambo mawili: kama aliyetia saini ana mamlaka ya kuiwajibisha kampuni yake kwa hayo aliyoyaandika, na kama mambo yakienda kombo ni nani atakayetakiwa kujibu. Vifupisho vyenyewe havitoi jibu la moja kwa moja, kwa kuwa kila kampuni huvitumia kwa namna yake, na kifupisho kilekile kinaweza kumtaja mtu mwenye kauli ya mwisho katika kampuni moja na meneja wa ngazi ya kati katika nyingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye nje ya kampuni: muuzaji, mkandarasi, mkopeshaji, au mtu anayekaribia kuajiriwa ambaye anataka kujua bosi wake mtarajiwa ana madaraka gani. Unaeleza jinsi ya kutoka kwenye herufi mbili au tatu zilizo chini ya saini hadi kwenye majukumu halisi, kwa kufuata karatasi zinazoweza kuombwa na maswali yanayoweza kuulizwa.

Hatua ya kwanza: tenganisha kiti, kazi na saini

Kila cheo cha juu katika kampuni kinaweza kubeba mambo matatu tofauti, na makosa mengi huanza pale mtu anapoyachukulia kuwa ni jambo moja. La kwanza ni kiti katika bodi ya wakurugenzi. Mwenye kiti hicho anabanwa na wajibu wa kisheria kwa kampuni: kutenda kwa nia njema, kuepuka mgongano wa maslahi, kutumia madaraka kwa kusudi lililokubaliwa. La pili ni kazi ya utendaji, yaani shughuli anazosimamia kila siku na watu wanaoripoti kwake. La tatu ni mamlaka ya kutia saini, yaani kiasi na aina ya ahadi anazoruhusiwa kutoa kwa jina la kampuni.

Mtu anaweza kuwa na moja bila mengine. Mwenyekiti wa bodi asiye mtendaji ana kiti lakini hana kazi ya kila siku, na mara nyingi hana ruhusa ya kununua chochote kwa niaba ya kampuni. Meneja wa ununuzi hana kiti katika bodi, ila saini yake inatosha kwa oda za kawaida. CEO anaweza kuwa na kazi na saini bila kuwa mjumbe wa bodi, ingawa mara nyingi huwa mjumbe pia.

Sheria zenyewe hazivijali sana vyeo. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, katika kifungu cha 250, inasema kwamba mkurugenzi ni pamoja na mtu yeyote anayeshika nafasi ya ukurugenzi kwa jina lolote aitwalo. Katika jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako makampuni mengi makubwa yamesajiliwa, kifungu cha 142 cha sheria ya makampuni kinaacha vyeo na majukumu ya maofisa yaamuliwe na kanuni za ndani za kampuni au na azimio la bodi. Kwa hiyo hakuna kitabu cha sheria utakachokifungua ukute orodha ya kazi za CEO ikikungoja. Orodha hiyo, kama ipo, imo katika karatasi za kampuni yenyewe, nazo ndizo za kutafuta.

Unapokutana na cheo chochote, basi, andika maswali matatu pembeni ya jina la mtu huyo: Je, yumo katika bodi? Anasimamia nini na nani anaripoti kwake? Anaweza kutia saini mpaka kiasi gani, peke yake au pamoja na nani? Hatua zinazofuata ni njia ya kuyajibu.

Hatua ya pili: soma CEO na MD kwa kuangalia kampuni ilivyopangwa

CEO ni afisa mtendaji mkuu. Bodi ndiyo inayomwajiri na ndiyo yenye uwezo wa kumwondoa. Kazi yake ni kupendekeza mwelekeo wa kampuni, kuutekeleza baada ya bodi kuukubali, kuchagua watendaji walio chini yake, na kujibu mbele ya bodi matokeo yote, mazuri na mabaya. Akishindwa mkuu wa mauzo, CEO hawezi kuiambia bodi kwamba jambo hilo halikuwa lake. Ndiye aliyemweka pale na ndiye aliyetakiwa kuona mapema.

MD ana asili tofauti kidogo. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, MD kwa kawaida ni mjumbe wa bodi ambaye wenzake wamemkasimia sehemu ya madaraka yao ili aendeshe shughuli za kila siku. Maana yake ni kwamba nguvu zake hutoka katika maamuzi mawili: kuteuliwa kuwa mkurugenzi, kisha kukasimiwa madaraka. Bodi inaweza kuyapunguza madaraka hayo, au kuyawekea masharti, bila cheo chake kubadilika hata herufi moja kwenye kadi yake. Kwa sababu hiyo mimi humwomba MD nakala ya azimio la bodi bila kuona haya, na MD anayeijua kazi yake huitoa bila kinyongo.

Katika kampuni iliyo peke yake, CEO na MD mara nyingi ni mtu mmoja, na wakati mwingine vyeo vyote viwili huandikwa pamoja. Utata huanza kwenye kundi la makampuni. Huko kampuni mama huwa na CEO wa kundi zima, na kila kampuni tanzu huwa na MD wake. MD wa kampuni tanzu anaweza kuonekana mkubwa sana kwa watu wa nje, kwa kuwa jengo, magari na wafanyakazi wote wako chini yake, lakini asiwe na ruhusa ya kukopa, kununua mtambo mkubwa au kuajiri mtendaji wa ngazi ya juu bila kibali cha kampuni mama. Uzito wa cheo chake hapa unategemea masharti aliyowekewa na walio juu yake kuliko ukubwa wa shughuli anazoziendesha.

Kuna matumizi ya tatu ambayo huwapoteza hata watu wazoefu. Katika benki za uwekezaji na baadhi ya makampuni ya ushauri, MD ni daraja la juu katika ngazi ya kazi, na benki moja kubwa inaweza kuwa na mamia ya watu wenye daraja hilo. Anayelishika ameaminiwa kutafuta na kuhudumia wateja wakubwa, lakini haongozi benki, na kwa kawaida hana kiti katika bodi. Katika benki hizohizo, VP, yaani makamu wa rais, ni ngazi ya kati tu, chini ya mkurugenzi, ilhali katika kampuni nyingi za viwanda VP ni mtu wa ngazi ya juu anayesimamia idara nzima. Nje ya biashara kabisa, herufi MD baada ya jina la mtu humaanisha daktari wa tiba, na hapo muktadha huondoa shaka wenyewe.

Ili kujua ni MD wa aina gani uliye naye, tazama kwanza kinachofuata baada ya cheo. Aliyeandikwa kuwa MD wa kampuni, kisha likaja jina la kampuni na basi, huenda ndiye kiongozi wake. Aliyeandikwa kuwa MD wa idara fulani au wa sekta fulani ya wateja, kuna uwezekano mkubwa kwamba hilo ni daraja. Kisha tafuta jina lake katika orodha ya wakurugenzi kwa msajili wa makampuni. Likikosekana, usimshutumu mara moja, kwa kuwa usajili unaweza kuchelewa, bali uliza kwa maandishi ni nani aliyemkasimia madaraka na kwa hati gani.

Hatua ya tatu: mpime CFO kwa uwezo wake wa kukataa

Kati ya vyeo hivi vitatu, CFO ndicho ninachokitazama kwa makini zaidi, kwa sababu ndicho kinachotolewa kwa urahisi mno na ndicho chenye madhara makubwa zaidi kikiwa kitupu.

CFO halisi ana kazi zinazoshikamana. Anahakikisha kwamba vitabu vya hesabu vinasema kweli, akimtegemea mhasibu mkuu anayeripoti kwake. Anasimamia fedha taslimu: ziko wapi, zinatoka lini, na kama zitatosha kulipa madeni yanayokuja. Anaandaa bajeti na makisio ambayo bodi huyatumia kuamua. Na yeye ndiye anayezungumza na mabenki, wawekezaji na wakaguzi wa nje. Mhasibu mkuu hushughulikia zaidi yaliyokwisha kutokea, yaani kuyaandika na kuyafunga kwa usahihi. CFO huyachukua hayo na kuyageuza kuwa maamuzi ya mbele. Katika mapokeo ya Uingereza mwenye kazi hii huitwa mara nyingi mkurugenzi wa fedha, na akiitwa hivyo kwa kawaida ana kiti katika bodi. CFO wa mtindo wa Marekani mara nyingi huhudhuria vikao vya bodi bila kuwa mjumbe.

Kuna jambo ambalo halionekani katika maelezo ya kazi ya CFO. Anaripoti kwa CEO, lakini anatakiwa aweze kumkatalia CEO huyohuyo. Ndiyo maana katika kampuni iliyopangwa vizuri anayo njia ya kufika kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi bila kupitia kwa bosi wake, na kumwondoa kazini huhitaji bodi ijulishwe au ikubali. CFO asiye na njia hiyo ni mwandishi wa hesabu za CEO, hata kama mshahara wake ni mkubwa.

Mfano uliobadilisha sheria ni wa kampuni ya simu ya WorldCom nchini Marekani. Gharama za kukodi mitandao ya makampuni mengine, ambazo zilipaswa kuondolewa kwenye mapato ya mwaka husika, ziliandikwa kana kwamba ni mali ya kudumu, na hivyo faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Wakaguzi wa ndani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, waliyaona maingizo hayo mwaka 2002, wakaomba hati za kuyathibitisha, wakakuta hayana hati. Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kasoro ya dola bilioni 3.8, na hesabu za baadaye zilionyesha kwamba jumla ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. CFO, Scott Sullivan, alikiri makosa na kutoa ushahidi dhidi ya CEO, Bernard Ebbers. Ebbers alijitetea kwamba hakuyajua mambo ya uhasibu. Baraza la mahakama halikumwamini, na mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miaka 25, huku Sullivan akihukumiwa miaka 5.

Baada ya WorldCom na kashfa ya hesabu ya kampuni ya nishati ya Enron, Marekani ilipitisha sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002. Chini ya kifungu chake cha 302, CEO na CFO wa kampuni inayotoa taarifa zake kwa umma wanapaswa kila mmoja kuthibitisha binafsi kwamba wamezisoma taarifa za fedha na kwamba, kwa kadiri wanavyojua, hazina uongo wa kupotosha. Kifungu cha 906 kinaweka adhabu ya jinai: anayethibitisha kwa makusudi taarifa isiyotimiza masharti anaweza kupata kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 5. Sheria hiyo haikuwapa vyeo hivyo madaraka mapya. Ilichofanya ni kuwazuia wenye vyeo wasijifiche nyuma ya wasaidizi wao.

Kwa mtu wa nje, njia nyepesi ya kumpima CFO ni kufuatilia malipo fulani kwa macho, tangu mwanzo hadi mwisho. Uliza ni nani anayeandaa hati ya malipo, ni nani anayeidhinisha, ni nani anayeyaachilia benki, na ni nani anayelinganisha taarifa ya benki na vitabu mwisho wa mwezi. Zikiwa ni kazi za watu tofauti na CFO akiwa msimamizi wao, cheo kina maana. Ukigundua kwamba CFO ndiye anayezifanya zote nne, huyo ni mtunza vitabu aliyepewa jina kubwa, na pia umegundua pengo ambalo wizi hupitia. Na kama CEO huachilia malipo peke yake kwa simu yake, CFO akiletewa stakabadhi baadaye, basi ahadi ya malipo iliyoandikwa na CFO huyo haina uzito uliodhani inao.

Vyeo vingine vinavyoanza na C

Hapa naweza kwenda haraka. COO ni afisa mkuu wa shughuli, na ndicho cheo kisicho na umbo la kudumu kuliko vyote: pengine ndiye anayeendesha kila kitu huku CEO akishughulika na mambo ya nje, pengine anasimamia maghala na usafirishaji tu. Kwake usikisie, uliza anasimamia idara zipi. Vingine hugongana herufi. CIO anaweza kuwa mkuu wa mifumo ya habari au mkuu wa uwekezaji. CMO katika kampuni ya kawaida ni mkuu wa masoko, katika hospitali ni mganga mkuu. CCO anaweza kuwa wa biashara au wa uzingatiaji wa sheria, na hizo ni kazi mbili zinazovutana, kwa kuwa mmoja hulipwa kwa kuuza na mwingine kwa kuzuia mauzo yasiyo halali. Katika mkataba, dai cheo kiandikwe kwa maneno kamili angalau mara moja.

Hatua ya nne: elewa lini saini isiyo na kibali bado inaiwajibisha kampuni

Nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya Uingereza zina kanuni ya mamlaka ya kuonekana. Kesi inayotajwa sana ni ya Freeman & Lockyer dhidi ya Buckhurst Park Properties, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1964. Kampuni ilikuwa na wakurugenzi wanne, na katiba yake iliruhusu kuteua MD, ila hakuteuliwa yeyote. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi za MD, wenzake wakijua na wakinyamaza, na katika kufanya hivyo aliwaajiri wasanifu majengo. Ulipofika wakati wa kulipa, kampuni ikasema hakuwa na mamlaka. Mahakama ilikataa utetezi huo: bodi ilimwacha aonekane mbele ya watu kuwa MD, na kuajiri wasanifu ni jambo ambalo MD wa kampuni ya namna hiyo angelifanya kwa kawaida.

Kanuni hii humlinda mtu wa nje, lakini ina mipaka miwili ambayo ni lazima uishike. Wa kwanza ni kwamba picha ya mamlaka sharti itokane na kampuni, yaani bodi au mtu mwingine mwenye mamlaka halisi. Mtu akikuambia mwenyewe kwamba anaruhusiwa, maneno yake peke yake hayampi mamlaka. Wa pili ni kwamba jambo lenyewe liwe la kawaida kwa cheo hicho. MD kununua malighafi ni kawaida. MD kuuza jengo pekee la kampuni si kawaida, na mnunuzi asiyeshtuka hawezi kutegemea ulinzi huo. Vilevile, ukishaambiwa mpaka wa madaraka ya mtu, huwezi tena kudai kwamba hukuujua. Kwa hiyo usiitegemee kanuni hii kama mpango wako. Ni ya kukuokoa mahakamani baada ya hati kukosekana, na safari ya mahakamani ina gharama zake.

Hatua ya tano: mfano uliofanyiwa kazi hadi mwisho

Tuchukulie kwamba unauza majokofu makubwa ya maghala. Kampuni tanzu ya kundi moja inataka kununua mitambo ya dola 420,000. Barua ya kusudio imetiwa saini na MD wa kampuni tanzu. Barua pepe kuhusu ratiba ya malipo zinatoka kwa CFO wa kundi. Na COO, ambaye hukujua kama yupo, ameanza kupiga simu akitaka vipimo vibadilishwe.

Anza na jina la mnunuzi katika rasimu ya mkataba. Ni kampuni tanzu. Hiyo ina maana kwamba CFO wa kundi si afisa wa mnunuzi, na ahadi yake ya kulipa haiwezi kudaiwa kutoka kampuni mama isipokuwa kampuni mama itoe dhamana yake kwa maandishi. Kwa msajili unamkuta MD katika orodha ya wakurugenzi wa kampuni tanzu, CFO hayumo, COO hayumo. Kiti kimeshajulikana.

Kisha unaomba azimio la bodi linalompa MD madaraka, pamoja na sehemu inayohusu ununuzi wa mali ya kudumu katika jedwali la mamlaka, yaani orodha ya nani anaidhinisha nini na hadi kiasi gani. Makampuni mengi hayatatoa jedwali zima, na si lazima walitoe. Ukurasa mmoja unatosha. Unaona kwamba MD anaweza kuidhinisha peke yake hadi dola 250,000, kwamba kati ya 250,000 na milioni 1 anahitaji saini ya pili ya CFO wa kundi, na kwamba zaidi ya hapo ni lazima bodi iamue. Sasa zile barua pepe za CFO zinaeleweka. Yeye si mlipaji; ni mtu ambaye bila saini yake ununuzi huu haujaidhinishwa.

Hapa ndipo MD anapoleta pendekezo linalosikika kuwa la busara: ili kuokoa muda, mkataba ugawanywe kuwa oda mbili za ununuzi za dola 210,000 kila moja, naye atazitia saini zote wiki hii. Usikubali. Kugawa ununuzi mmoja ili uingie chini ya kikomo ni kukwepa jedwali la mamlaka, na wewe sasa umeshalisoma, hivyo huwezi kusema hukujua. Mkaguzi wa ndani akizikuta oda mbili zenye tarehe zinazokaribiana, muuzaji yuleyule na ghala lilelile, malipo yatasimamishwa wakati mitambo yako imeshafungwa. Subiri saini ya pili. Ikichelewa, kuchelewa huko kunakupa habari: pengine kundi halijaukubali mradi huu, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kusafirisha mzigo.

Linabaki suala la COO. Mabadiliko anayoyataka yataongeza dola 60,000. Kwa azimio ulilopewa, yeye ndiye mwenye ghala na ndiye atakayekagua mitambo na kutia saini hati ya kupokelea mzigo, lakini hana mamlaka ya kuongeza bei. Unaweka katika mkataba kifungu kinachosema kwamba badiliko lolote la bei au vipimo litakuwa halali likiandikwa na kutiwa saini na watu walewale wawili waliosaini mkataba, na unamtumia COO nakala. Simu zake zinabaki kuwa muhimu kwa maelezo ya kiufundi; hazikuhatarishi tena kifedha.

Mwishoni una ukurasa mmoja wenye majina matatu. MD: ana kiti, anaendesha kampuni tanzu, saini hadi 250,000 peke yake. CFO wa kundi: hana kiti kwa mnunuzi, husimamia fedha za kundi, saini ya pili juu ya kiasi hicho. COO: hana kiti, husimamia ghala, hupokea mzigo tu. Uhifadhi pamoja na mkataba, na tarehe ya kila hati uliyoiona.

Hatua ya sita: angalia upya kila mtu anapobadilika

Ukurasa huo huchakaa. MD akiondoka, kampuni makini huwaarifu wasajili, benki na wauzaji. Kampuni nyingine hunyamaza kwa miezi. Mpaka utakapoarifiwa, sheria inaweza kukulinda katika mambo ya kawaida kwa mtu uliyezoea kushughulika naye, lakini siku unayosikia habari za kuondoka kwake, hata kwa uvumi, andika kuuliza. Kaimu MD naye anahitaji azimio lake mwenyewe, kwa sababu kukaimu hakuhamishi kikomo chote cha mtangulizi. Bodi nyingi humpa kaimu kiwango cha chini mpaka athibitishwe.

Tahadhari zaidi inahitajika na ujumbe unaoagiza malipo. Wadanganyifu huiga anwani ya CEO au CFO na kumwandikia mhasibu alipe haraka na kwa siri, au humwandikia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Dalili ni hizi: haraka isiyoelezwa, ombi la kutomshirikisha mtu mwingine, na anwani inayotofautiana na ile ya kweli kwa herufi moja. Usijibu ujumbe huo wala usitumie namba iliyomo ndani yake. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya ujumbe kufika, zungumza na mtu wa pili aliyetajwa katika jedwali la mamlaka, na usibadilishe akaunti mpaka upate barua yenye saini zote mbili. Mtu mwenye cheo cha kweli hatakasirika kwa kucheleweshwa siku moja, na hata akikasirika, utaratibu huo unabaki palepale.